Nimeongezewa kazi, mbona hesabu ya mwisho imeshuka chini ya mkataba?

*“Nimejenga ghala la korosho la chama cha msingi hapa Mikindani, mita 30 kwa 15, na ofisi ndogo ndani yake. Mkataba ni Sh 186,400,000 bila kodi ya ongezeko la thamani. Kwenye msingi tulikutana na jiwe la matumbawe, tukaongezewa kina, bati likabadilishwa kutoka geji 30 kwenda geji 28, na mwenyekiti akaniagiza nimwage sakafu ya nje ya kupakilia magunia. Nilipeleka hesabu ya mwisho ya Sh 210,843,000. Mkadiriaji wao ameirudisha ikiwa Sh 173,260,300, chini hata ya mkataba! Nikisaini nimekwisha, nisiposaini zuio langu, ile pesa waliyonishikilia kwenye kila malipo, linakaa kwao. Nimeambatanisha mchanganuo, hesabu zote mbili na picha za saiti. Nifanyeje?”*

Usisaini leo, ndugu yangu, na pia usimwite mtu mwizi leo. Nimekaa na karatasi zako jioni mbili. Kwa hesabu yangu, stahili yako isiyo na ubishi ni Sh 174,028,300, na inaweza kufika Sh 177,268,300 kama suala la sakafu ya nje litakaa sawa. Mkadiriaji amekosea sehemu moja, na sehemu nyingine amekuwa mgumu kuliko inavyolazimu. Wewe umekosea sehemu kadhaa, na iliyo kubwa kuliko zote wala haihusu jiwe.

Nianze na hilo kubwa. Umeichukua bei ya mkataba kama sakafu ambayo pesa haiwezi kushuka chini yake, kisha ukapandisha kila nyongeza juu yake. Ndivyo makandarasi wengi wanavyofanya, na kwa nje inaonekana ni haki. Lakini fungua ukurasa wa mwisho wa mchanganuo wako wa vipimo na bei, ule wa majumlisho. Utaona ndani ya Sh 186,400,000 kuna umeme Sh 9,000,000, mnara wa tenki na bomba la maji Sh 4,500,000, na dharura Sh 8,000,000. Hizo si bei zako. Hukuzipanga wewe. Mkadiriaji aliziandika kabla hata hujanunua makabrasha ya zabuni, kwa sababu wakati ule hakuna aliyejua taa zingekuwa ngapi wala bomba lingetokea upande gani. Kila mzabuni alipewa tarakimu zile zile azibebe. Mimi naziita fedha za makisio: zimo ndani ya mkataba, lakini zinamsubiri mwenye mradi aseme zitumikeje. Zisipotumika hubaki kwake.

Kwa hiyo kwenye hesabu ya mwisho fedha ya makisio hutolewa yote, hata kama kazi ilifanyika, halafu hurudishwa thamani halisi ya kazi iliyoagizwa. Usijisumbue kuandika tofauti peke yake. Toa yote, rudisha halisi, ili mtu yeyote akifungua faili miaka mitatu baadaye aone kilichoingia na kilichotoka.

Umeme wako ni mfano mzuri. Fundi aliyeteuliwa na mbunifu alileta ankara ya Sh 6,750,000, na wewe mwenyewe kwenye zabuni uliandika asilimia 5 kuwa faida yako juu ya kazi hiyo. Kwenye mchanganuo asilimia hiyo ilikuwa imehesabiwa kwa Sh 9,000,000, ikatoa Sh 450,000. Sasa inatoka Sh 9,000,000 pamoja na hiyo 450,000, na inarudi Sh 6,750,000 pamoja na asilimia 5 yake, yaani Sh 337,500. Jumla inayorudi ni Sh 7,087,500. Faida inayofuata asilimia hupanda na kushuka na ankara. Ungekuwa umeandika kiasi maalumu cha kumhudumia fundi huyo, kumpa jukwaa, maji na ulinzi, hicho kingebaki kama kilivyo.

Mnara wa tenki haukujengwa, kwa hiyo inatoka Sh 4,500,000 na hairudi kitu. Dharura nayo inatoka yote Sh 8,000,000, na hapa ndipo naona uliumia moyo, maana barua yako kwa mbunifu inasema “dharura ilitumika kwenye jiwe”. Huenda ni kweli kwamba wakati kazi inaendelea chama kililiangalia lile fungu la dharura kujua kama kinaweza kumudu jiwe. Lakini kwenye hesabu jiwe linalipwa kama jiwe, kwa kipimo chake na bei yake. Ukilipwa jiwe halafu ukaachiwa na dharura, umelipwa mara mbili. Hapo kwenye fedha za makisio peke yake hesabu inashuka kwa Sh 14,862,500, na mkadiriaji yuko sahihi hadi shilingi ya mwisho. Hiyo ndiyo sababu umeongezewa kazi na bado umeshuka chini ya mkataba.

Sasa tuje kwenye msingi. Juu ya sehemu hiyo ya mchanganuo pameandikwa kwamba vipimo vyote vya msingi ni vya kukadiria na vitapimwa upya. Maneno hayo ni machache ila yana uzito. Maana yake idadi iliyoandikwa pale haikufungi wewe wala mwenye mradi. Kinachobaki imara ni bei kwa kila mita. Kuta za juu, paa na plasta havina maneno hayo, kwa hiyo havipimwi upya kwa sababu tu umemaliza tofali nyingi kuliko ulivyodhani. Hubadilika pale tu mbunifu anapobadilisha kazi, au vipimo vya awali vikionekana vilikosewa.

Mchanganuo ulikuwa na mita 120 za mtaro, upana mita 0.8, kina mita 1: yaani mita za ujazo 96. Baadaye mbunifu akaandika maelekezo kwamba mita 40 za upande wa baharini, palipokutwa udongo wa kujaziwa, ziende kina cha mita 1.4. Mtaro halisi kwa mujibu wa michoro na maelekezo basi ni mita 80 zenye kina cha mita 1 na mita 40 zenye kina cha mita 1.4, zote kwa upana wa 0.8. Zidisha: mita za ujazo 108.8. Wewe umedai 129.2.

Tofauti ile nimeitafuta mpaka nikaipata kwenye picha zako. Vijana walichimba kwa upana wa karibu mita 0.95, maana jiwe la matumbawe halikatiki kwa mstari; ukilipiga mtaimbo linabanduka na jirani yake. Nakuelewa kabisa. Lakini kazi ya msingi hupimwa kwa kipimo cha mchoro, si kwa kipimo cha shimo. Ukichimba zaidi ya mchoro bila kuagizwa, uchimbaji huo ni wako, na zege linalojaza upana huo ni lako pia. Ndiyo maana zege lako la mita za ujazo 28.5 linarudi kuwa 24: mita 120 mara 0.8 mara unene wa 0.25. Hilo linauma kuliko mtaro, kwa sababu zege ni Sh 310,000 kwa mita ya ujazo. Dawa yake ilitakiwa ipatikane siku ya zabuni, kwa kuweka upotevu huo ndani ya bei yako. Sasa hivi haipo.

Jiwe lenyewe umelihesabu kwa gari: safari tisa za Fuso, mita nne za ujazo kila safari, jumla 36. Hapa pana kosa ambalo nimeliona Mtwara, Lindi na Kilwa, kokote kwenye matumbawe. Jiwe likiwa ardhini limeshikana. Ukilivunja linaumuka kama unga wa maandazi, kwa sababu katikati ya vipande panaingia hewa. Kanuni za upimaji tunazotumia Afrika Mashariki hupima uchimbaji kama ulivyokuwa ardhini kabla ya kuguswa, bila kuongeza kuumuka. Kwa karatasi iliyosainiwa na msimamizi siku ile, jiwe lilionekana kwa urefu wa mita 45 na unene wa wastani wa mita 0.55. Kwa upana wa 0.8 ni mita za ujazo 19.8. Na ukitaka kujiridhisha kwamba hakuna aliyekudanganya, fanya hivi: weka upana uliochimba kweli, 0.95, upate 23.5, halafu gawanya 36 kwa hiyo. Unapata kama moja na nusu, ambacho ndicho kiasi jiwe la aina hiyo huumuka likivunjwa. Gari zako hazikudanganya. Zilikuwa zinapima kitu kingine tu.

Jiwe hilo pia linalipwa juu ya mtaro, si badala yake. Bei yako ya Sh 60,000 ni ya nyongeza: mita zile 19.8 zimeshahesabiwa ndani ya 108.8 kwa Sh 12,000, kisha zinaongezewa Sh 60,000. Nimekuona umeandika pembeni kwa kalamu kwamba bei hiyo ni ndogo na idadi imekaribia mara mbili, kwa hiyo ibadilishwe. Mkataba wako una kifungu kinachoruhusu bei kuangaliwa upya kama idadi imepita ile ya awali kwa zaidi ya asilimia 25, ila kina sharti la pili: ongezeko hilo liwe zaidi ya asilimia 1 ya bei ya mkataba. Sharti la kwanza umelivuka kwa mbali. La pili, ongezeko la mita 9.8 juu ya zile 10 za mchanganuo ni Sh 588,000, wakati asilimia 1 ya mkataba wako ni Sh 1,864,000. Hufiki. Usipoteze pumzi hapo.

Pumzi yako iweke kwenye kuta za msingi, kwa sababu hapa ndipo mkadiriaji alipoteleza. Ameukubali mtaro uliozidi kina, lakini kuta ameziacha kwenye meta za mraba 144 za mchanganuo. Sasa, zege la chini lilikaa palepale chini ya mtaro, na sakafu ya ghala haikushuka. Ukiongeza kina kwa mita 0.4 kwenye mita 40, ukuta nao lazima urefuke kwa mita 0.4 kwenye mita 40, hauwezi kuning'inia. Ni meta za mraba 16, kwa Sh 48,000, yaani Sh 768,000. Hilo ni kosa la kusahau, sidhani kama kuna nia mbaya. Mwonyeshe mchoro na maelekezo yenye kina hicho, atasahihisha.

Lakini na wewe kwenye kuongeza kina umedai mara mbili, na hili nataka ulielewe vizuri kwa sababu litakutokea tena. Kwenye karatasi ya kupima upya umeingiza mtaro na kuta zote pamoja na kina kipya. Kisha kwenye orodha ya mabadiliko umeandika tena “kuongeza kina cha msingi, Sh 921,600” kwa kuwa una maelekezo ya maandishi mkononi. Maelekezo unayo kweli. Ila kazi ikishapimwa upya imeshalipwa kupitia kipimo, maelekezo yale yanabaki kuwa ushahidi wa kwa nini kipimo kimeongezeka. Mimi nikiandaa hesabu, maelekezo kama hayo nayaandika kwenye orodha ya mabadiliko na namba yake, na mbele yake naweka neno “imepimwa kwenye msingi” badala ya pesa. Mkaguzi akija anaona halikusahaulika, na wala halikulipwa kwenye milango miwili.

Kwa hiyo msingi wote, kwa vipimo sahihi, ni mtaro Sh 1,305,600, jiwe Sh 1,188,000, zege Sh 7,440,000 na kuta Sh 7,680,000. Jumla Sh 17,613,600, mahali pa Sh 16,104,000 za mchanganuo.

Bati sitalikalia sana. Umeongeza bati jipya la geji 28, meta za mraba 520 kwa Sh 30,000, jumla Sh 15,600,000, ukasahau kwamba lile la geji 30 bado limo ndani ya bei ya mkataba kwa Sh 24,000 kwa meta. Paa ni moja. La zamani litoke, Sh 12,480,000, ndipo jipya liingie. Nadhani hata wewe ukisoma hapa utacheka.

Bei ya jipya ndiyo yenye maneno kidogo. Geji 28 haimo kwenye mchanganuo, kwa hiyo bei yake hujengwa kutoka kwenye bei ya kazi inayofanana nayo iliyo ndani ya mkataba. Mbao hazikubadilika, misumari haikubadilika, fundi alipanda juu mara moja tu. Kilichobadilika ni bati. Kwa risiti zako, tofauti ya bei ya bati kwa meta ya mraba ni Sh 4,000. Ongeza asilimia 10 ya bati kulaliana na vipande vinavyokatwa, inakuwa Sh 4,400. Ongeza asilimia 15 ya uendeshaji na faida uliyoonyesha kwenye zabuni, inakuwa Sh 5,060. Bei mpya ni Sh 29,060, na paa ni Sh 15,111,200. Mkadiriaji amefika hapo hapo. Sh 30,000 uliyoweka ingeweza kukubalika tu kama ungeonyesha ilivyojengwa, na haikuonyeshwa.

Dari ya ofisi iliyofutwa, Sh 1,650,000, hukuiweka kabisa. Mabadiliko ya kupunguza kazi ni mabadiliko vilevile. Unapoacha kuyaandika mwenyewe unampa mkadiriaji sababu ya kuitilia shaka na ile hesabu yako iliyo sahihi.

Sasa sakafu ya nje. Hii ndiyo sehemu yenye ugomvi wa kweli, na hapa nakuunga mkono, kwa masharti. Kazi ipo. Imepigwa picha, malori yanaikanyaga, msimu huu magunia yamepakiliwa juu yake. Mkadiriaji ameikataa yote kwa sababu hakuna maelekezo ya maandishi, na kwa upande wake hakukosea, maana mwenyekiti wa chama si mbunifu. Kwenye mkataba wako anayetoa maelekezo ni mbunifu, na mwenye mradi akitaka kitu anapaswa kupitia kwake. Ukimtii mwenyekiti aliyesimama kivulini chini ya mkorosho akakuonyesha kwa fimbo, umetii kwa hatari yako.

Ila nimekuta kitu kwenye kiambatisho chako cha tisa. Kumbukumbu za kikao cha saiti, aya ya nne, zinasema “mkandarasi aendelee na sakafu ya nje ya kupakilia kabla ya msimu”, na chini kuna saini ya mbunifu. Hiyo si barua ya maelekezo, lakini ni mbunifu anayejua, ameandika na amesaini. Mikataba mingi ya majengo humruhusu mbunifu kuthibitisha kwa maandishi maelekezo yaliyotolewa kwa mdomo hata baadaye, mradi hati ya mwisho ya malipo haijatoka. Soma kifungu cha maelekezo cha mkataba wako uone kama kinasema hivyo. Kikisema, mwandikie mbunifu barua fupi: taja tarehe ya kikao, aya, kipimo, na umwombe athibitishe. Usimlaumu mtu ndani ya barua hiyo. Usitaje jiwe, usitaje umeme.

Halafu bei yake. Umeandika Sh 3,800,000 kwa mkupuo. Sakafu ya nje umeimwaga kama ya ndani, unene ule ule, mawe yale yale chini yake. Sakafu ya ndani ina bei kwenye mchanganuo, Sh 45,000 kwa meta ya mraba ikiwa na mawe yake. Meta 12 kwa 6 ni 72, kwa hiyo Sh 3,240,000. Punguza mwenyewe kabla hujapunguziwa. Dai lenye bei ya mkataba ndani yake ni gumu kulikataa, lile la mkupuo linakaribisha mazungumzo ya bei.

Ukiipanga upya, taarifa ya hesabu ya mwisho inapaswa kusomeka hivi:

Bei ya mkataba: Sh 186,400,000
Toa fedha za makisio, faida ya umeme na dharura: 21,950,000
Toa msingi wote wa mchanganuo: 16,104,000
Toa bati geji 30: 12,480,000
Toa dari ya ofisi: 1,650,000
Inabaki: Sh 134,216,000
Rudisha umeme halisi na faida yake: 7,087,500
Rudisha msingi uliopimwa upya: 17,613,600
Rudisha bati geji 28: 15,111,200
Jumla: Sh 174,028,300
Sakafu ya nje, ikithibitishwa: 3,240,000
Jumla ikithibitishwa: Sh 177,268,300

Kila mstari uwe na karatasi yake nyuma: karatasi ya vipimo, ankara, maelekezo, au mjengo wa bei. Tofauti kati ya hesabu yako ya kwanza na ya mkadiriaji ni Sh 37,582,700, na baada ya kupanga hivi ubishi uliobaki kati yenu ni kuta za msingi na sakafu ya nje tu, yaani Sh 4,008,000. Huo ni mkutano wa asubuhi moja.

Kwa malipo, usichanganye hesabu ya mwisho na pesa utakayochukua. Hati zako za awali zinaonyesha kazi ya Sh 168,000,000 imethibitishwa, zuio la asilimia 5 ni Sh 8,400,000, umelipwa Sh 159,600,000. Ukikubaliwa Sh 177,268,300, salio ni Sh 17,668,300, na zuio limo humo humo, si juu yake. Nusu ya zuio husubiri kipindi cha matazamio kiishe na kasoro zirekebishwe. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, inakwenda juu ya kazi. Kodi ya zuio hukatwa wakati wa kulipa, na licha ya jina si ndugu wa lile zuio la kwanza. Na ile fidia ya ucheleweshaji wanayoitajataja, kama wana haki nayo, huandikwa kama makato ya mwenye mradi kwenye malipo, ikiwa na siku zake na kifungu chake. Wasiifiche ndani ya vipimo vya msingi. Ukiona kipimo kimepungua bila maelezo, uliza kama ni hiyo.

Hatua yako ya kwanza si barua kali. Mwombe mkadiriaji karatasi zake za vipimo vya msingi na mpange siku mkutane saiti mpime pamoja. Msingi umefukiwa, najua. Lakini unaweza kuchimba mashimo mawili au matatu pembeni ya ukuta wa upande wa baharini mpaka uone zege, mkaweka futi pale na nyote wawili mkapiga picha. Kina hicho hakibishaniwi tena. Jiwe ndilo lisilorudi, na una bahati msimamizi alisaini siku ile. Mimi sikuwa na bahati hiyo. Nikiwa bado kijana, kwenye jengo moja la Lindi, nilimwamini mtu aliyeniambia “tutaandikishana wiki ijayo”. Wiki ijayo zege lilikuwa limeshamwagwa, na mita za jiwe nilizoandika kwenye kidaftari changu peke yangu hazikulipwa hata moja. Tangu hapo fundi wangu hamwagi zege kabla karatasi haijasainiwa, mvua inyeshe isinyeshe.

Jambo jingine la kuangalia kuhusu jiwe ni tafsiri yake kwenye utangulizi wa mchanganuo. Kwako limeelezwa kuwa ni lile linalohitaji kabari, nyundo nzito au kompresa. Matumbawe yaliyooza yanayotoka kwa sururu hayamo. Picha zako zinaonyesha kompresa ikifanya kazi kwenye zile mita 45, kwa hiyo hapo uko salama. Zile mita nyingine ulizoita jiwe kwenye kidaftari usizirudishe mezani.

Ukifika mezani ukaletewa karatasi yenye maneno kama “nimepokea malipo kamili na ya mwisho na sina dai lingine”, na sakafu ya nje bado haijaamuliwa, usiisaini hivyo. Omba msaini kile mlichokubaliana, na lile lililobaki liandikwe wazi kuwa bado lina mgogoro. Mwenye mradi mwenye nia njema atalipa kisicho na ubishi. Angalia pia idadi ya siku ambazo mkataba unakupa kupinga hesabu baada ya kuipokea. Umesema umeipata wiki mbili zilizopita, na siku hizo haziulizi kama ulikuwa saiti nyingine Nanyumbu.

Mimi nimesoma karatasi, sijaona jengo. Kwa hiyo kabla ya mkutano tafuta mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akasimame na wewe saiti, na uhakikishe jina lake limo kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kwa ubishi wa Sh 4,008,000 ada ya siku moja au mbili inatosha, usikubali akutoze asilimia ya hesabu nzima. Mbunifu akikataa kuthibitisha sakafu ya nje ingawa saini yake ipo kwenye kumbukumbu, hapo suala limetoka kwenye vipimo na kuingia kwenye sheria. Mwone wakili, na msome kifungu cha usuluhishi. Baraza la Taifa la Ujenzi hushughulikia migogoro ya aina hiyo. Ila pima kwanza: kugombea Sh 3,240,000 mbele ya msuluhishi kunaweza kula zaidi ya hiyo. Ningekuwa wewe, ningeandika ile barua fupi kwa mbunifu kesho asubuhi, niiambatanishe aya ya nne, na nimsubiri siku saba kabla ya kumtafuta wakili au msuluhishi yeyote.